Sindano za Kupunguza Uzito: Zinavyofanya Kazi, Anayestahili, na Kinachofuata Zikiachwa

*Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kendu Bay. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.*



Mazungumzo ya leo yanahusu sindano ambazo watu wengi wamezisikia kwa jina la Ozempic. Wapo waliozisikia kwa jamaa aliye Nairobi au ng'ambo. Wapo waliotumiwa tangazo kwenye simu, likisema mtu atapunguza kilo 10 kwa mwezi. Na wapo wanaohudhuria kliniki ya shinikizo la damu au kisukari, ambao wameambiwa wapunguze uzito, wakajaribu, wakashindwa, na sasa wanauliza kama sindano hii ndiyo jibu.

Maswali ni matatu. Sindano hizi hufanya nini mwilini? Nani anastahili kuzitumia? Na mtu akiziacha, kunatokea nini? Swali la tatu ndilo lisiloulizwa sana dukani, lakini ndilo ambalo mtu anapaswa kuwa na jibu lake kabla ya kununua dozi ya kwanza.

Sindano hufanya nini mwilini

Mtu anapokula ugali na samaki, chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Homoni ni kama mjumbe anayetumwa na kiungo kimoja kupeleka habari kwa kingine. Mjumbe huyu hupeleka habari mahali patatu. Kongosho huambiwa litoe insulini ya kushusha sukari. Tumbo huambiwa lisiharakishe kumwaga chakula. Ubongo nao huambiwa kwamba mwili umeshiba. Lakini GLP-1 ya asili haikai. Ndani ya dakika mbili hivi, nusu yake huwa imeshavunjwavunjwa na mwili.

Walichofanya wanasayansi ni kutengeneza dawa inayofanana na homoni hiyo, ila isiyovunjwa upesi. Dawa inayojulikana zaidi ni semaglutaidi. Inauzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari, na kwa jina la Wegovy kwa ajili ya unene. Nusu ya dozi yake hukaa mwilini kwa takriban wiki moja, na ndiyo sababu mtu hujidunga mara moja tu kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono. Dawa nyingine ni tirzepataidi, inayoitwa Mounjaro, ambayo huiga homoni mbili za utumbo badala ya moja. Ya zamani kidogo ni liraglutaidi, ambayo hudungwa kila siku.

Mtu anayetumia dawa hizi hazuiwi kula. Njaa ndiyo inayotulia. Sahani iliyokuwa ikimalizwa yote inabaki nusu. Wazo la chakula lililokuwa likimsumbua mtu tangu saa nne asubuhi linanyamaza. Dawa haiyeyushi mafuta. Mwili hula akiba yake kwa sababu chakula kinachoingia kimepungua.

Kiasi cha uzito unaopungua kinajulikana kutokana na utafiti. Katika utafiti uitwao STEP 1, uliochapishwa mwaka wa 2021, watu 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliodungwa semaglutaidi walipunguza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa walipunguza asilimia 2 na kidogo. Wenye kisukari hupunguza kidogo kuliko hapo, karibu asilimia 10. Tirzepataidi katika dozi yake ya juu imefikisha watu wastani wa asilimia 20 hivi. Huo ni wastani, maana wapo wanaopunguza zaidi na wapo ambao dawa haiwafanyii mengi.

Tena uzito haushuki kwa mwezi mmoja. Semaglutaidi ya unene huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kiasi kidogo ambacho kazi yake ni kuzoesha tumbo. Baada ya wiki 4 hupandishwa hadi 0.5, kisha 1, kisha 1.7, na mwisho 2.4. Kwa hiyo miezi minne hupita kabla ya mtu kufika kwenye dozi kamili. Anayeruka ngazi ili apungue haraka hutapika, huharisha na kuishiwa maji, na mara nyingi huishia kuiacha dawa kabla haijafanya kazi.

Nani anastahili

Kipimo cha kwanza ni uzito ukilinganishwa na urefu, kile ambacho wauguzi hukiita BMI. Hesabu yake ni nyepesi. Urefu kwa mita huzidishwa kwa wenyewe, kisha uzito kwa kilo hugawanywa kwa jibu hilo.

Chukua mfano wa kubuni wa mama mwenye miaka 46, muuza samaki karibu na gati la Kendu Bay. Urefu wake ni mita 1.60 na uzito wake ni kilo 92. Mita 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 92 ukigawanya kwa 2.56 ni karibu 36. Hicho ndicho kipimo chake.

Kwa kawaida, dawa hizi huandikiwa mtu mzima ambaye kipimo chake ni 30 au zaidi. Mwenye kipimo cha kuanzia 27 naye anaweza kufikiriwa, iwapo tayari ana ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na uzito, kama shinikizo la damu, kisukari, kolesteroli nyingi au kukatika kwa pumzi usingizini. Mama huyu anameza vidonge vya shinikizo la damu. Kwa kipimo na kwa ugonjwa, anastahili kufikiriwa.

Sasa chukua dada yake mwenye urefu uleule na kilo 72. Kipimo chake ni 28. Kama hana ugonjwa wowote, hastahili. Na binti wa kilo 65 anayetaka nguo ya harusi imkae vizuri ana kipimo cha 25 na kidogo. Huyo dawa haikutengenezwa kwa ajili yake. Madhara atayapata sawa na wengine, lakini ile faida ya afya inayomfanya daktari akubali hatari hizo, yeye hana.

Faida hiyo si ya kiuno peke yake. Mwaka wa 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao SELECT, uliohusisha zaidi ya watu 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo au mishipa, wasio na kisukari. Kati ya kila watu 100 waliopewa sindano isiyo na dawa, 8 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha ugonjwa wa moyo. Kwa waliopewa semaglutaidi, idadi ilishuka hadi kati ya 6 na 7. Kwa sababu ya ushahidi wa namna hiyo, Shirika la Afya Duniani mnamo Septemba 2025 liliziweka dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari ambao pia wana unene pamoja na ugonjwa wa moyo au figo. Mwezi Desemba mwaka huohuo lilitoa mwongozo wa kuzitumia kwa unene wa watu wazima. Lakini pendekezo hilo lina masharti. Miongoni mwa sababu zake ni gharama, na pia kutojulikana vya kutosha matokeo ya miaka mingi na yale ya kuziacha.

Wapo wasiofaa kuzitumia hata kama kipimo kinawaruhusu. Wa kwanza ni mwanamke mjamzito. Anayepanga kushika mimba anapaswa kuacha semaglutaidi angalau miezi miwili kabla, kwa kuwa dawa huchelewa kutoka mwilini. Anayetumia Mounjaro pamoja na vidonge vya kupanga uzazi ajue kwamba sindano hiyo inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Hushauriwa kutumia kondomu pia kwa wiki 4 baada ya kuanza, na wiki 4 nyingine kila dozi inapopandishwa. Wengine ni wale ambao wao au jamaa wa damu wamewahi kupata saratani ya tezi ya shingo ya aina iitwayo medula. Aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho hana budi kumweleza daktari. Vilevile mwenye kisukari anayedungwa insulini, kwa kuwa dawa mbili zikishusha sukari pamoja bila kupimwa upya, sukari inaweza kuanguka kupita kiasi.

Kuna jambo moja linalohusu kaunti hii kwa namna ya pekee. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na wengi wao leo wanameza kidonge chenye dolutegraviri. Dawa hiyo inafanya kazi nzuri, lakini baadhi ya watu, hasa wanawake, huongezeka uzito wakiwa wanaitumia. Utafiti wa ADVANCE uliofanywa Johannesburg, Afrika Kusini, ulilionyesha jambo hili waziwazi. Mtu aliyeona nguo zinambana asiache vidonge vyake wala asiruke siku. Alipeleke suala hilo kliniki, apimwe uzito, presha na sukari, na unene utibiwe kama unene. Virusi vikipata nafasi ya kuzaana tena, hasara yake ni kubwa kuliko kilo zozote.

Hapa pia ndipo mahali ambapo kukonda kulikuwa na maana nyingine. Kuna kizazi kilichoona majirani wakikonda na kuzikwa, na mpaka leo mwili mnene huonekana na wengi kuwa dalili ya afya na maisha mazuri. Mama anayepungua kilo 14 atasikia maneno sokoni. Wengine huacha dawa kwa sababu ya maneno hayo. Ni vizuri mume, watoto na jirani wa karibu wajue mapema kinachoendelea, ili mgonjwa asilazimike kujitetea peke yake.

Madhara, na dalili za kukimbilia hospitalini

Kichefuchefu ndicho kinacholalamikiwa zaidi, hasa wiki ya kwanza baada ya dozi kupandishwa. Hufuatiwa na kutapika, kuharisha au kufunga choo. Mengi hutulia mtu akila kidogo kidogo, akapunguza vyakula vya mafuta mengi na kuacha kula anaposikia kushiba. Katika joto la kando ya ziwa, anayetapika na kuharisha hukaukiwa maji upesi, kwa hiyo kunywa maji ni sehemu ya matibabu.

Yapo mengine ambayo hayapaswi kungoja kesho. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni na yasiyotulia yanaweza kuwa uvimbe wa kongosho. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, au macho kuwa ya manjano, yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo hutokea zaidi uzito unapoporomoka kwa haraka. Kutapika hadi maji hayakai tumboni, au kwa mwenye kisukari kuona ukungu ghafla, ni safari ya hospitalini siku hiyohiyo. Na anayekwenda kufanyiwa upasuaji amwambie anayempa dawa ya usingizi kwamba anadungwa sindano hii, kwa sababu tumbo lake linaweza kuwa bado na chakula hata kama amefunga usiku kucha.

Hatari nyingine ni dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, mwaka wa 2023, watu walilazwa hospitalini baada ya kujidunga kalamu bandia zilizoshukiwa kuwa na insulini ndani yake. Dalili ya sukari kuanguka ni jasho jingi, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kifafa. Semaglutaidi halisi ni maji maangavu yasiyo na rangi. Unga ndani ya kichupa unaotakiwa kuchanganywa nyumbani, kalamu isiyo na pakiti, au dawa iliyoletwa na rafiki wa rafiki bila cheti cha daktari, hivyo vyote mtu asivikubali.

Hata dawa halisi huharibika. Kabla ya kufunguliwa, kalamu hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na isigandishwe. Ikiwekwa karibu na barafu ikaganda, hutupwa, hata kama imeyeyuka tena. Nje ya friji, nyingi huvumilia hadi nyuzi 30 kwa wiki kadhaa zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Ndani ya nyumba ya mabati mchana wa Kendu Bay, joto huweza kupita hapo. Anayenunua Kisumu na kurudi kwa matatu abebe dawa kwenye kikasha chenye ubaridi, na kalamu isigusane na barafu.

Kinachotokea dawa ikiachwa

Turudi nyumbani kwa yule mama wa kilo 92. Tuseme ametumia semaglutaidi kwa zaidi ya mwaka, akapata wastani wa asilimia 15. Amepungua karibu kilo 14 na sasa ana kilo 78. Magoti hayamuumi kama zamani, presha imeshuka, na daktari amempunguzia kidonge kimoja. Kisha biashara inayumba, karo ya shule inafika, naye anasema uzito umeshashuka, dawa imemaliza kazi yake. Anaacha.

Wiki ya kwanza hahisi tofauti, maana nusu ya dawa bado imo mwilini. Wiki ya pili imebaki robo. Kufikia wiki ya tano hivi karibu yote imetoka. Sasa chakula kinatoka tumboni kwa kasi ya zamani, na habari ya shibe inayofika kwenye ubongo ni ile ya homoni yake mwenyewe, isiyodumu.

Lakini kuna zaidi ya dawa kutoka. Mafuta ya mwilini nayo hutuma mjumbe wake kwenye ubongo, homoni iitwayo leptini, inayosema akiba ipo kiasi gani. Mafuta yakipungua, ujumbe huo hupungua. Ubongo hausomi kwamba mwenye mwili amepona. Unasoma kwamba njaa imeingia nchini. Basi unaongeza hamu ya chakula na kupunguza nguvu zinazotumiwa mwilini, jinsi familia inavyobana matumizi ghala linapokaribia kuisha. Wakati wa dawa, sauti hiyo ilikuwa imefunikwa. Dawa ikiondoka, inasikika yote kwa mara moja. Kwa hiyo mama huyu akianza kumaliza sahani tena, haina maana kwamba amekuwa mlafi au mvivu.

Kilichotokea kwa watu halisi kimeandikwa. Baadhi ya washiriki wa STEP 1 walifuatiliwa mwaka mmoja zaidi baada ya kuacha dawa na ushauri. Kwa wastani, theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza ilirudi. Kwa mama wa mfano, theluthi mbili ya kilo 14 ni kilo 9 na kidogo. Mwaka mmoja baadaye mizani yake ingesoma karibu kilo 87. Amebakiwa na faida ya kilo 5 hivi. Presha na sukari za washiriki hao, ambazo zilikuwa zimeshuka, nazo zilirudi kuelekea zilikotoka.

Kwa tirzepataidi hali ilikuwa hiyohiyo. Katika utafiti wa SURMOUNT-4, watu wote walitumia dawa kwa wiki 36 na kupunguza wastani wa karibu asilimia 21. Kisha nusu yao waliendelea, na nusu wakapewa sindano isiyo na dawa bila wao kujua. Walioendelea walipungua kidogo zaidi. Walioachishwa waliongezeka asilimia 14 ndani ya mwaka uliofuata. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya sita wa walioachishwa alibaki na sehemu kubwa ya mafanikio yake. Kwa hiyo uzito haurudi kwa kila mtu kwa kiasi kilekile, lakini wengi hurudi.

Ndiyo maana madaktari huulinganisha unene na shinikizo la damu. Hakuna anayeshangaa presha ikipanda baada ya kuacha vidonge. Sindano hizi nazo hufanya kazi siku zinazotumiwa.

Anayelazimika kuacha afanye nini

Wengine wataacha kwa sababu nzuri, kama mimba, upasuaji, madhara au fedha. Kuacha kwenyewe hakuleti sumu wala kutetemeka. Jambo la kwanza ni kupimwa presha na sukari ndani ya wiki chache, na tena baadaye. Yule mama alipunguziwa kidonge cha presha akiwa na kilo 78. Akirudi kilo 87 bila kupimwa, anatembea na presha ya kilo 87 na vidonge vya kilo 78. Hapo ndipo kiharusi hupata mlango. Wahamasishaji wa afya ya jamii wana mashine ya presha na mizani kwenye mikoba yao, na wanaweza kumpima nyumbani.

Jambo la pili ni misuli. Sehemu ya uzito unaopungua huwa ni misuli, si mafuta matupu. Kwa hiyo wakati bado anatumia dawa, mtu anahitaji protini katika ile sahani ndogo. Hapa ziwa limetoa omena, ngege na mbuta, na shamba limetoa maharagwe. Anahitaji pia mazoezi yanayofanyisha misuli kazi. Utafiti wa Denmaki wa watu 195 uliofanywa kwa liraglutaidi ulionyesha kuwa, mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, waliokuwa wamechanganya dawa na mazoezi yenye usimamizi walishikilia uzito wao vizuri kuliko waliotumia dawa peke yake. Yalikuwa mazoezi ya kuhema, mara kadhaa kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kutembea kwa mwendo wa haraka kuzunguka ziwa la Simbi Nyaima siku nyingi za wiki ni mfano wa mazoezi ya namna hiyo yasiyolipiwa.

Jambo la tatu ni kutorudi kwa pupa. Aliyekosa sindano kwa wiki kadhaa, kisha akapata fedha, asianze tena na miligramu 2.4. Tumbo limesahau. Azungumze na daktari, ambaye mara nyingi atamrudisha kwenye dozi ya chini apande ngazi upya.

Kabla ya dozi ya kwanza

Anayefikiria sindano hizi aanze kliniki, si dukani. Apimwe urefu, uzito, presha na sukari, na aeleze dawa zote anazotumia. Kwenye dawati la SHA aulize ni nini kinacholipiwa na nini atalipa mwenyewe. Kisha aulize bei ya dozi kamili, maana bei ya ile ndogo ya kuanzia inaweza kumdanganya. Bei hiyo ya mwezi aizidishe kwa 12, halafu jibu alizidishe kwa miaka 5, na alitazame pamoja na wa nyumbani mwake.

Kama hesabu hiyo inabebeka na daktari amekubali, anaanza akijua anachoanza. Kama haibebeki, ni heri ajue leo, kabla hajauza ng'ombe kwa ajili ya kilo ambazo nyingi zitarudi. Vidonge vya presha na vya kisukari, vikimezwa kila siku kama vilivyoandikwa, bado vinalinda moyo, figo na macho yake hata kama mizani haijashuka.

Mwenye swali kuhusu hali yake binafsi alipeleke kwa muuguzi au daktari wa kliniki anayohudhuria, akiwa na kadi yake na dawa zake mkononi.